Kitambaa ni chako, mashine ni zao: namna ya kudai hesabu ya malighafi kiwandani

Utaratibu wenyewe unajulikana. Wewe unanunua kitambaa, unakipeleka kiwandani, wao wanakata, wanashona na kupakia, na unawalipa ufundi kwa kila fulana. Kwenye ankara yao kitambaa hakimo. Tatizo linaanzia hapo hapo: kitu ambacho kiwanda hakikukilipia ndicho kinachotumika bila uchungu. Si lazima awepo mwizi. Inatosha mkataji aone ni haraka zaidi kufungua jora jipya kuliko kutafuta kipande kilichobaki jana, na hakuna anayemuuliza.

Mwisho wa oda mteja anapoulizia kitambaa chake hupewa jibu la sentensi moja: "Kimetumika chote, taka ilikuwa kama asilimia kumi." Jibu hilo huwezi kulibishia kama huna namba zako, na namba hizo hazipatikani mwishoni. Zinakusanywa kuanzia siku lori linaposhusha mzigo.

Tuchukue oda moja tuifuate hadi mwisho. Ni fulana 4,120 za pamba. Umepeleka kilo 1,000 za kitambaa cha kufumwa, majora 40 ya kilo 25 kila moja. Uzito ulioagizwa ni gramu 180 kwa mita ya mraba, upana mzima mita 1.80, na upana unaofaa kukatwa mita 1.75, kwa kuwa kingo zinajikunja na zina matundu ya pini. Rangi ni moja. Mambo mengine yote, kama uzi, lebo na mifuko, tutayagusa kwa kupita tu.

Kilo zinazopokelewa ni zipi?

Ugomvi mwingi wa mwisho wa oda hutokana na makosa ya siku ya kwanza. La kwanza ni uzito wa jumla na uzito halisi. Jora limezungushwa kwenye bomba la karatasi ngumu na kufungwa kwa plastiki. Bomba na plastiki vikiwa na gramu 800 tu, kwa majora 40 hizo ni kilo 32 ambazo hazikuwa kitambaa hata kidogo. Muuzaji akikuandikia uzito wa jumla, na kiwanda kikapokea kwa uzito wa jumla, mwishoni utadai kilo 32 ambazo hakuna aliyewahi kuzipokea. Hati ya kupokelea mzigo iandike uzito halisi wa kila jora, kwa namba ya jora na namba ya loti, na isainiwe na pande zote mbili. Mstari mmoja ulioandikwa "majora 40, kilo 1,000" hautoshi.

Kosa la pili halionekani kwa macho, nalo ni uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba. Kitambaa cha kufumwa kinanunuliwa kwa kilo lakini kinatumika kwa urefu. Kikiwa kizito kuliko ulivyoagiza, kilo zile zile zinakupa mita chache. Kwa gramu 180, mita moja ya urefu ina kilo 0.180 × 1.80, yaani kilo 0.324. Kitambaa kikija na gramu 189, ambayo ni tofauti ya asilimia 5 tu na wafumaji wengi wataiita ya kawaida, mita moja inakuwa kilo 0.340. Oda yetu, kama tutakavyoona, inahitaji mita 2,786. Kwa kitambaa cha kwanza hizo ni kilo 903, kwa cha pili ni kilo 948. Kilo 45 zimekwenda, na hakuna aliyeiba wala kuharibu chochote. Ukimdai mwenye kiwanda kilo hizo, unamdai deni la mfumaji.

Kipimo chake ni rahisi. Kuna kikatio cha duara kinachotoa kipande cha sentimita za mraba 100. Kipime kwenye mizani ndogo, zidisha kwa 100, umepata gramu kwa mita ya mraba: kipande cha gramu 1.80 maana yake ni 180. Kata vipande kadhaa kwenye upana, usiguse kingo, na urudie kwenye majora kadhaa ya kila loti. Fanya hivyo baada ya kitambaa kukunjuliwa na kupumzika, saa 24 ni desturi ya viwanda vingi, kwa sababu kitambaa cha kufumwa kikitolewa kwenye jora kinarudi, urefu unapungua na uzito kwa mita unapanda. Namba inayopatikana hapo iandikwe kwenye hati, na hesabu yote ya oda itumie hiyo, si ile ya kwenye agizo.

Jingine ni unyevu. Pamba inavuta maji kutoka hewani. Kiwango cha kibiashara cha unyevu wake ni asilimia 8.5 ya uzito mkavu. Kitambaa kilichopimwa msimu wa mvua kikapimwa tena stoo ikiwa imekauka kinaweza kupungua uzito bila sentimita moja kukatwa. Kwa hiyo tofauti ndogo ya uzito kati ya kupokea na kurudisha isikufanye upige kelele. Lakini pia isikubaliwe kuwa maelezo ya kila kitu. Unyevu unagusa majora yote yaliyokaa stoo moja kwa kadiri inayokaribiana. Ukiambiwa unyevu umepunguza jora moja kilo tatu na mengine hayakupungua, hayo si maelezo ya unyevu.

Mchoro wa kukatia ndio unaosema ukweli

Upotevu unaokubalika hauanzi na asilimia. Unaanza na mchoro wa kukatia, ile karatasi ndefu yenye pateni zote zilizopangwa, inayolazwa juu ya matabaka ya kitambaa. Omba nakala yake kabla jora la kwanza halijafunguliwa. Unatafuta namba tatu: urefu wa mchoro, idadi ya fulana zilizomo, na asilimia ya eneo lililokaliwa na pateni.

Kwa oda yetu mchoro una urefu wa mita 7.92 na fulana 12 za saizi mchanganyiko, na pateni zimekalia asilimia 84. Kila tabaka linahitaji ziada kidogo kwenye ncha, sentimita 2 kila upande, kwa hiyo tabaka moja linakula mita 7.96. Kiwanda kitakata fulana 4,200, yaani 80 zaidi ya oda, ili kufidia zitakazokataliwa. Hayo ni matabaka 350.

```
350 × 7.96 m = 2,786 m
2,786 m × 0.324 kg = 902.66 kg
902.66 kg ÷ 4,200 = 0.215 kg kwa fulana
```

Gramu 215 ndicho kiwango cha matumizi. Ndani yake zimo taka zote za kawaida za mezani: nafasi kati ya pateni, kingo, na ncha za matabaka. Hapa ndipo wateja wengi wanapigwa bao, na wakati mwingine kiwanda chenyewe kinakosea bila nia mbaya. Meneja anasema, "Mchoro wetu una taka asilimia 16, kwa hiyo tuongezee 16." Hapana. Hiyo 16 tayari imo kwenye mita 7.92. Ukiiongeza tena juu ya kilo 903 umewazawadia kilo zaidi ya 140.

Uzuri wa namba hizi ni kwamba zinakuambia pia taka inapaswa kuwa na uzito gani. Eneo la pateni kwenye tabaka moja ni 7.92 × 1.75 × 0.84, yaani mita za mraba 11.64, sawa na kilo 2.096. Kwa matabaka 350 vipande vilivyokatwa vina kilo 733 na nusu hivi. Kilichotandikwa mezani kilikuwa 902.66. Kilichobaki, kilo 169, ni vipande vya taka, na hakina pa kwenda isipokuwa kwenye magunia pembeni ya meza. Yapimwe. Ukiambiwa kilo zote 1,000 zimeishia kwenye fulana 4,200, basi magunia hayo yanatakiwa kuwa na kilo 266. Meneja wa stoo akionyesha magunia ya kilo 170 huku leja yake inadai zimetumika 1,000, hakuna haja ya mabishano marefu: kitambaa cha kilo karibu mia hakikufika kwenye meza.

Mwisho wa jora

Kilo mia hizo zimekwenda wapi? Mara nyingi zimo kwenye mwisho wa majora, na sehemu hii inastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko zote.

Jora la kilo 25 lina mita 77.16. Linatoa matabaka 9 ya mita 7.96, jumla mita 71.64. La kumi haliingii. Kinabaki kipande cha mita 5.52, kilo 1.79, ambacho mkataji anakikata, anakikunja na kukitupa chini ya meza ili jora linalofuata lianze. Kwa oda yetu majora 38 yanatoa matabaka 342, na la 39 linatoa 8 yaliyobaki. Kwa hiyo kuna vipande 38 vya mita tano na nusu, jumla kilo 67.97, kisha kipande cha jora la 39 chenye mita 13.48, kilo 4.37. Na jora la 40 halijaguswa, kilo 25.

Jumlisha: kilo 97.34 ambazo ni kitambaa kizima, safi, cha kwako. Hiyo ndiyo "taka asilimia kumi" uliyoambiwa.

Na kipande cha mita tano na nusu si kitambaa cha kufutia mashine. Mchoro mfupi unaweza kukitolea fulana 7 au hata 8. Tuchukue 7: vipande 38 ni fulana 266. Nisingependa fulana 266 zenye kitambaa changu, rangi yangu na pateni yangu ziwe sehemu ambayo siijui.

Kuna namna mbili za kushughulikia mwisho wa jora, na mkataba useme ipi inatumika. Ya kwanza ni kuunganisha: jora likiisha katikati ya tabaka, jora linalofuata linaanza palepale, likipishana na la kwanza kwenye mahali palipowekwa alama kwenye mchoro, ili hakuna pateni itakayokatwa nusu nusu. Mabaki yanapungua sana, lakini kila muungano unakula sentimita kadhaa za kupishana. Ya pili ni kuhifadhi: kila kipande kinafungwa tepe yenye namba ya jora, urefu na uzito, kinarudi stoo na kuandikwa kwenye kadi.

Kwa fulana ninaegemea ya pili, na sababu ni rangi. Majora ya loti moja yanaweza kutofautiana kidogo kwa kivuli. Mkono wa fulana ukiharibika kwenye cherehani, mbadala wake unatakiwa ukatwe kwenye jora lile lile ulikotoka mwili. Kipande cha mwisho wa jora chenye namba yake ndicho kinachowezesha hilo. Kiwanda kikiwa hakina mabaki yenye namba, kinakata mbadala kutoka jora jipya, unapata fulana yenye mkono wa rangi nyingine, na hiyo inaingia kwenye hesabu ya zilizokataliwa. Umepoteza mara mbili.

Asilimia inayokubalika ni ya nini, na ya kitu gani

Sasa tunaweza kuzungumza asilimia. Kwa oda yetu ningeandika mambo matatu tofauti na kamwe nisingeyachanganya kuwa namba moja ya "upotevu asilimia 5".

La kwanza, asilimia 1 ya kilo zilizotandikwa, kwa ajili ya miungano na vipande vya mbadala. Ni kilo 9. La pili, asilimia 2 ya fulana zilizokatwa, kwa ajili ya zilizoharibika kwenye kukata na kushona. Ni fulana 84. La tatu, kasoro za kitambaa chenyewe, kama matundu, mistari na madoa ya rangi, hazina asilimia kabisa. Zinadaiwa kwa ushahidi: kipande chenye kasoro kinakatwa, kinapimwa, kinabandikwa namba ya jora, na kinawekwa kwenye boksi ulione. Mzigo huo ni wako na utaupeleka kwa mfumaji. Ukiuingiza kwenye asilimia ya kiwanda, jora bovu litawaumiza wao wasiokosea, na jora zuri litawapa nafasi ya bure ya kupoteza.

Andika pia asilimia ni ya nini. Asilimia 2 ya kilo zilizopokelewa ni 20. Ya kilo zilizotandikwa ni 18. Na asilimia 2 ya fulana ni hesabu nyingine kabisa. Mikataba mingi inaandika "upotevu 2%" ikanyamaza, na kila upande unachagua msingi unaoupendelea.

Na jambo moja ambalo viwanda havilipendi: asilimia inayokubalika ni mpaka wa juu wa upotevu uliothibitishwa. Si posho. Fulana 84 zinazokubalika hazimaanishi kwamba 84 zinaweza kutoweka. Zinamaanisha kwamba ukinionyesha fulana 84 zilizoharibika sitakudai kitambaa chake. Isiyoonekana inadaiwa hata ikiwa moja.

Taka yenyewe ni ya nani? Amueni mapema. Viwanda vingi huuza vipande vya taka na kuhesabu kuwa ni sehemu ya mapato yao, na bei ya ufundi imeshazingatia hilo. Naona hakuna ubaya, ila fahamu kwamba aliyeruhusiwa kuuza taka hana sababu ya kuipunguza. Ukiwaachia, angalau magunia yapimwe kabla hayajatoka, na vipande vyenye chapa au lebo yako vikatwe katwe.

Kitambaa kikishakatwa, hesabu inabadilika

Kabla ya mkasi tunahesabu kilo. Baada ya mkasi tunahesabu fulana. Kwenye mpaka huo ndipo mambo hupotelea, kwa sababu stoo inajua kilo zilizotoka, ofisi ya kupakia inajua katoni zilizojaa, na katikati hakuna aliyeziunganisha. Kinachounganisha ni karatasi ya kukatia: kila mtandiko mmoja wa meza una karatasi yake, yenye namba za majora, matabaka yaliyotoka kwa kila jora, urefu wa kipande kilichobaki, na idadi ya fulana zilizokatwa kwa saizi. Kama kiwanda hakina karatasi hiyo, wape mfano wako. Bila hiyo, ripoti yoyote ya stoo ni makisio.

Oda yetu ilitoa hesabu hii: zimekatwa 4,200. Zimepakiwa daraja la kwanza 4,131. Daraja la pili 41. Zilizoharibika na kuonyeshwa 20. Zisizoonekana 8. Jumla inatimia. Zisizopakiwa ni 69, chini ya 84. Lakini zile 8 zinaandikiwa deni, kilo 1.72 za kitambaa, pamoja na lebo zake. Daraja la pili ni mali yako pia. Zikabidhiwe kwa idadi, lebo zikiwa zimeondolewa au kukatwa kama mlivyokubaliana.

Lebo, kwa njia, ni mizani ya bei rahisi. Ulipeleka 4,400, zimeshonwa kwenye 4,200, zinatakiwa kurudi karibu 200, zilizoharibika zikiwemo. Zikirudi 40, kuna fulana nyingine mahali fulani.

Ripoti ya kila wiki

Kwa oda inayochukua zaidi ya wiki mbili usisubiri mwisho. Omba ripoti ya stoo kila wiki, siku ile ile, ikiwa na saa ya kufunga hesabu. Saa hiyo inaonekana upuuzi mpaka siku ambayo majora yametoka stoo asubuhi na kukatwa mchana: stoo inayahesabu yametoka, meza inayahesabu bado, na kilo 100 zinaonekana mara mbili au hazionekani kabisa.

```
salio la mwanzo + yaliyopokelewa − yaliyotolewa kukatwa
+ yaliyorudi stoo = salio la mwisho
```

Mabaki yanaandikwa kwenye mstari wake, mbali na majora mazima. Kasoro za kitambaa nazo mstari wake. Na chini kuna mstari mmoja zaidi ambao mimi husoma kwanza: kilo zilizotandikwa wiki hiyo, gawanya kwa fulana zilizokatwa wiki hiyo. Kiwango chetu ni 0.215. Ikija 0.221 bado kuna muda wa kupiga simu na kuuliza kama wamebadilisha mchoro. Mara nyingi ndivyo ilivyo: saizi kubwa zimebaki peke yake, mchoro mpya una nafasi nyingi tupu, na hakuna aliyekumbuka kukuambia.

Ripoti ya kubuni ina dalili zake. Taka ni asilimia ile ile kila wiki, 3.0, 3.0, 3.0, wakati kazi halisi inayumba. Salio la mwisho halijawahi kutofautiana na hesabu ya mikono hata kwa nusu kilo, maana yake hakuna aliyehesabu; mtu ametoa namba moja kwenye nyingine akaipa jina. Mabaki ni sifuri wiki zote, jambo ambalo kwa majora ya mita 77 na matabaka ya mita 7.96 haliwezekani bila kuunganisha. Ukienda kiwandani usihesabu stoo nzima. Chagua namba tano za majora kwenye hati ya kupokelea, uziulizie moja moja: liko wapi, au lilikatwa kwenye karatasi gani, na kipande chake cha mwisho kiko wapi. Kisha geuza: okota vipande vitatu chini ya meza na uvitafute kwenye leja. Pia weka kitu chenye uzito unaojulikana juu ya mizani yao kabla ya kuiamini.

Kiwanda kikijinasibu kwamba kina cheti cha ISO 9001, una hoja ya ziada. Toleo la 2015, kifungu 8.5.3, kinakitaka kitambue, kikague, kilinde mali ya mteja, na kikutaarifu ikipotea, ikiharibika au isipofaa kwa kazi, na kuweka kumbukumbu za tukio hilo. Huombi upendeleo.

Namna ya kuandika ombi

Lugha ya barua iwe ya hesabu, isiwe ya tuhuma. Anayetuhumiwa anajitetea, anayeulizwa namba anazitafuta. Kwa oda yetu, baada ya kupata lile jibu la "kimetumika chote", barua inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Meneja wa Uzalishaji, salaam. Kabla hatujafunga malipo ya oda hii tunaomba tulinganishe hesabu ya kitambaa. Kwa hati tuliyosaini pamoja mlipokea kilo 1,000 halisi, majora 40. Kwa mchoro wenu wa mita 7.92, fulana 4,200 zinahitaji kilo 902.66. Tunatarajia salio la kilo 97.34, yaani jora moja zima na mabaki ya majora 39. Tunaomba mtuletee karatasi za kukatia zote, orodha ya mabaki kwa namba ya jora, uzito wa magunia ya taka, na kasoro za kitambaa mlizotenga. Kama matumizi yalizidi gramu 215 kwa fulana, tafadhali tuelezeni ni kwenye mitandiko ipi na kwa sababu gani. Mwenzetu atafika kuhesabu siku mtakayoona inafaa ndani ya wiki hii. Ahsante kwa ushirikiano."

Barua hiyo haikumwita mtu mwizi, ila imeonyesha kwamba mwandishi anajua kinachotakiwa kuwepo. Tena imeandikwa kabla ya malipo ya mwisho. Ikiandikwa baada ya hapo itajibiwa taratibu sana.

Majibu yakaja: jora la 40 lipo, kilo 25. Mabaki yamekusanywa kutoka chini ya meza na nyuma ya kabati, kilo 61. Jumla 86. Pengo ni kilo 11.34. Kasoro za kitambaa zilizotengwa kwenye boksi, zikiwa na namba za majora, ni kilo 4.2, hizo zinatoka kwenye hesabu ya kiwanda na kwenda kwenye dai la mfumaji. Pengo limebaki kilo 7.14, na kiwango kilichokubalika kilikuwa 9.03. Vipande vya mbadala vimeandikwa kwenye karatasi za kukatia kwa hiyo vina ushahidi. Kwenye kilo, kiwanda hakidaiwi kitu. Kinadaiwa zile fulana 8 tu.

Kama pengo lingezidi, fidia ihesabiwe kwa gharama ya kitambaa hadi kilipofika mlangoni kwao, usafiri na ushuru ukiwemo, na ikatwe kwenye ankara ikiwa tu mkataba unaruhusu kukata. Kama hauruhusu, toa ankara yako tofauti.

Kilo 86 sasa ziandikiwe hati mpya. Jora zima kwa namba yake, mabaki kwa namba na urefu wa kila kipande, sahihi mbili, na maneno kwamba ni mali ya mteja. Vitabu vyako viendelee kuzionyesha kama stoo iliyoko kwa mtu mwingine. Oda ijayo ikianza, salio la mwanzo ni hizo 86, na mchoro wa kwanza kuombwa ni ule mfupi wa kumalizia mabaki, kabla jora jipya halijafunguliwa.